Kipimo chasema damu haigandi, mguuni mna bonge la damu. Nani kakosea?

#1 Mwana_Barani
Assalaam aleikum wanajamvi. Nina jambo limenikaa rohoni na kila ninayemuuliza anajibu lake.

Mdogo wangu ana miaka 29, tuko hapa Malindi. Mimba tatu zimetoka. Ya kwanza wiki ya 8, ya pili wiki ya 9, ya tatu mwaka huu wiki ya 21. Hii ya tatu mtoto alikuwa keshaanza kucheza, akanyamaza siku mbili, kwenda kupigwa picha moyo umesimama. Alipotoka, kipande cha kondo kikabaki, ikabidi asafishwe thieta. Kabla ya kuingia wakampima kuganda kwa damu. Karatasi ikasema APTT sekunde 61, pembeni imeandikwa kawaida ni 26 hadi 36. Daktari akasema damu yake nyepesi mno, akiguswa itamwagika. Akatiwa maji ya damu ya kuchangiwa mifuko minne, akapimwa tena: 57. Mwisho wakamsafisha hivyo hivyo, na wallahi hakuvuja kuliko mwanamke mwengine yeyote. Tukarudi nyumbani tumeambiwa asiguse aspirini.

Siku 11 baadaye mguu wa kushoto ukavimba toka pajani mpaka kifundoni. Picha ikaonyesha bonge la damu kwenye mshipa mkubwa wa paja. Daktari mwengine kabisa akamwanzishia sindano za tumboni za kuzuia damu isigande.

Sasa mnieleze. Damu moja, mwili mmoja, yawaje nyepesi ya kukatazwa thieta na papo hapo nzito ya kuziba mshipa?

#2 BahariKuu
Aleikum salaam. Mimi mvuvi, sijui. Nimeketi mbele kabisa kusikiliza.

#3 KijanaMkomani
Pole sana dada. Mimi nilisoma kidogo mambo haya kabla sijahamia biashara. Kuna watu wamezaliwa na upungufu wa kigandishi namba 12. Kipimo chao kinachelewa vibaya lakini hawavuji damu hata kidogo. Nadhani ni huo. Bonge la mguuni ni la uzazi tu, wanawake wengi hupata baada ya kujifungua.

#4 Mtu_wa_Matondoni
Je, kundi la damu la mume ni lipi? Mke akiwa hasi na mume chanya mimba hutoka sana. Hili nililiona kwa shemeji yangu.

#5 FundiMaabara
Nimestaafu, nilikaa maabara miaka 27, kwa hiyo nivumilieni nikiandika marefu.

@Mtu_wa_Matondoni, hilo la hasi na chanya lipo, lakini halichelewishi kipimo cha kuganda hata sekunde moja. Tuliweke kando.

@KijanaMkomani umegonga nusu ya msumari. Ni kweli upungufu wa namba 12 huchelewesha kipimo bila mtu kuvuja. Lakini rudi usome #1. Mgonjwa alitiwa mifuko minne ya maji ya damu ya watu wazima wa afya, ambayo ndani yake mna vigandishi vyote, namba 12 ikiwemo. Kama angekuwa amepungukiwa, kipimo kingeshuka karibu na kawaida, maana kigandishi hakihitaji kujaa, hata theluthi yake hutosha. Kimeshuka sekunde 4 tu.

Maabara tunafanya jambo hilo hilo kwenye kichupa. Tunachukua plazma ya mgonjwa, yaani maji ya damu yake, tunaichanganya nusu kwa nusu na plazma ya watu wazima, tunapima tena. Ikirudi 34 au 35, basi kuna kitu kilipungua nasi tumekijaza. Ikibaki 55, hakuna kilichopungua, bali kuna kitu kimezidi, na hicho kilichozidi kinaidhuru hata plazma nzima uliyoongeza. Wale madaktari wamemfanyia mdogo wako kipimo cha mchanganyiko ndani ya mwili wake bila wenyewe kujua, na jibu lilikuwa mbele yao.

Swali moja dada: zile plateleti, chembe ndogo za kugandisha damu, kwenye kipimo cha damu nzima zilikuwa ngapi?

#6 Mwana_Barani
Nimefungua bahasha. Wameandika 104, na kawaida ni kuanzia 150. Daktari alisema hiyo nayo ni dalili ya kuvuja.

#7 FundiMaabara
Kila mtu angesema hivyo. Plateleti chini kidogo, kipimo kimechelewa, ukitazama kwa haraka waona mtu wa kuvuja damu. Ukijumlisha na mimba tatu na bonge la paja, hesabu inabadilika. Mimi nawaza kingamwili za antifosfolipidi.

#8 BahariKuu
Haya mzee, tafsiri kwa Kiswahili cha watu wa ngalawa.

#9 FundiMaabara
Kwa kuwa umeomba wewe. Chukulia gati ya Lamu. Vigandishi vya damu ni majahazi yenye shehena. Jahazi haliwezi kupakua katikati ya maji, lazima lipate gati lifunge kamba. Gati ya vigandishi ni mafuta ya fosfolipidi. Damu haigandi hewani, hugandia juu ya mafuta hayo.

Sasa APTT yapimwa hivi: tunaondoa chembe zote, inabaki plazma ya manjano. Tunatia fosfolipidi kidogo tuliyoipima wenyewe na unga wa kuamsha, halafu kalsiamu, na saa inaanza. Kwa hiyo ndani ya kichupa mna gati moja fupi tuliyoijenga sisi. Mgonjwa huyu ana kingamwili zinazopenda kukaa juu ya gati hiyo pamoja na protini moja iitwayo beta-2 glikoprotini 1. Zikijaa pale, majahazi yanasubiri nje. Saa inakwenda, sekunde 61.

Mwilini gati si hiyo fupi. Kila ukuta wa mshipa na kila plateleti iliyoamka ni gati, hazina mwisho. Majahazi hayakosi pa kufunga. Na zile kingamwili zikikaa juu ya ukuta wa mshipa, zinauchokoza, ukuta unaanza kunata, plateleti zinaamka na kushikana. Ndiyo maana zinahesabika chache.

Kwa hiyo hakuna aliyekosea kusoma namba. 61 ilikuwa kweli, ila ni habari ya kichupa. Kosa ni kuidhania habari ya mshipa.

#10 BahariKuu
Kama kikwazo ni gati fupi, mbona msiijenge ndefu ndani ya kichupa mkaona?

#11 FundiMaabara
Mvuvi umenishangaza! Ndicho kinachofanywa. Hatua ya mwisho ya kutafuta kitu hiki ni kutia fosfolipidi nyingi kupita kiasi. Kingamwili zinakaa sehemu moja, majahazi yanapata pengine pa kufunga, sekunde zinashuka. Zikishuka hapo na hazikushuka kwa plazma ya kuongeza, umekipata. Kipimo kingine cha namna hiyo hutumia sumu ya nyoka wa Bara Hindi, yule kipiri wa Russell, ambaye sumu yake huanzisha kuganda karibu na mwisho wa safari.

Kitu chenyewe huitwa lupasi antikoagulanti, jina la uongo mara mbili. Conley na Hartmann walikiona mwaka 1952 kwa wagonjwa wa lupasi, yale maradhi ya kinga kuushambulia mwili wake, jina likashika. Lakini wengi walionacho hawana lupasi, na mwilini hakizuii kuganda bali chagandisha.

#12 Salama_Langoni
Nimesoma mpaka hapa mikono yatetemeka. Naomba niseme yangu, ingawa huenda si hapa pake.

Mimba yangu ya kwanza nilikwenda kliniki ya wajawazito, wakapima VDRL kama wapimavyo kila mama, ikaja chanya. Kaswende. Mimi sikumjua mwanamume mwengine tangu kuzaliwa. Mume wangu akaapa ni mimi, mamake akaja toka Pate kwa ajili ya kikao. Tukachomwa sindano za penisilini wote wawili. Baada ya miezi, yeye hasi, mimi bado chanya. Mimba ikatoka wiki ya 10. Ya pili ikatoka. Ndoa ikakonda mpaka ikabaki salamu tu.

Miaka minne baadaye daktari mmoja mgeni akanipima kipimo kingine cha kaswende, TPHA, ikawa hasi kabisa. Akasema sijawahi kuwa na kaswende maishani. Akanipima kingamwili za kadiolipini, zikawa juu. Hakunieleza zaidi. Je, ni kitu kimoja na cha mdogo wa Mwana_Barani?

#13 FundiMaabara
Pole bi Salama. Ni pake kabisa. Dawa ya VDRL hutengenezwa kwa kadiolipini, mafuta yaliyotolewa moyo wa ng'ombe. Mwenye kaswende hutoa kingamwili zinazoshika mafuta hayo, na mwenye shida hii naye hivyo hivyo. Kipimo hakiwezi kuwatofautisha. TPHA yatafuta kingamwili za vijidudu vyenyewe vya kaswende, ndiyo ikakusafisha. Kila VDRL chanya kwa mjamzito yafaa ithibitishwe kwa kipimo cha aina hiyo kabla ya kuitisha vikao.

#14 BahariKuu
Yaani moyo wa ng'ombe umevunja nyumba ya watu. Ewe Mola.

#15 Bi_Mkunga
Wanangu nimezalisha tangu enzi za kandili. Mimba ya wiki 21 ikitoka, ni mlango wa kizazi umelegea. Hushonwa uzi, mama akalazwa, mtoto akakaa. Haya ya gati na ng'ombe sikatai, ila mnakwenda mbali na kitu kiko karibu.

#16 DawaBaridi
Shikamoo Bi_Mkunga. Mlango ukilegea, mtoto hutoka angali hai, mara nyingi bila uchungu mwingi. Huyu alinyamaza kwanza tumboni, moyo ukasimama, ndipo akatolewa. Hapo mlango hauna hatia. Kitu kilikata njia kati ya mama na mtoto.

#17 Bi_Mkunga
Marahaba. Hilo la kunyamaza sikulisoma vizuri, miwani yangu ina ufa. Basi kilichokata ni nini? Damu kuganda kwenye kondo?

#18 DawaBaridi
Hivyo ndivyo tulivyofundishwa sisi. Mabonge madogo madogo kwenye kondo, mtoto anakosa chakula na hewa.

#19 FundiMaabara
Hapo naomba nipinge kidogo. Makondo ya wanawake hawa yalipokatwa na kutazamwa, mengine yalikuwa na sehemu zilizokufa kwa kukosa damu, na mengine hayakuwa na bonge lolote. Tena mimba ya wiki ya 8 kondo halijaanza hata kupokea damu ya mama sawasawa. Bonge gani hapo?

Kuna majaribio ya panya yaliyotangazwa mwaka 2004. Panya wenye mimba walitiwa kingamwili hizi. Waliopewa heparini, dawa ya zile sindano za tumboni, mimba zao zikakaa. Waliopewa dawa nyingine za kuzuia kuganda, ambazo kazi hiyo zinaifanya vizuri tu, mimba zikatoka. Watafiti wakasema heparini iliokoa kwa kuzima moto wa kinga, ule mfumo wa komplementi, na si kwa kuzuia mabonge.

#20 KijanaMkomani
Panya si mtu, mzee.

#21 FundiMaabara
Kweli. Na kuna kundi la tatu lisemalo si bonge wala si moto: kingamwili hushika zile chembe za kondo zinazochimba kwenye ukuta wa kizazi, zikashindwa kuchimba, mimba ikakosa mizizi. Hilo lafaa kueleza za mapema. Mimi naona kila kundi lina wagonjwa wake.

#22 Salama_Langoni
Kondo la mimba yangu ya tatu mkunga alinionyesha mwenyewe. Lilikuwa dogo, na lina mabaka meupe magumu kama nazi iliyooza. Mimi mtanikubalia damu iliganda, wa panya wabaki na panya wao.

#23 DawaBaridi
😂 Bi Salama kafunga mjadala kwa nazi.

#24 KijanaMkomani
Bado nina shaka na ile 61. Nakumbuka kichupa chenye kifuniko cha buluu kina dawa ya sitrati, na damu lazima ifike mstari. Ikijazwa nusu, sitrati inazidi, kipimo kinachelewa kwa uongo. Mjamzito anayetetemeka, mshipa hauonekani, nesi kapata mililita moja akaona yatosha. Mambo hayo yapo.

#25 FundiMaabara
Hapo kijana nakupa tano. Sehemu 9 za damu kwa 1 ya sitrati, na vichupa nusu nilivyovikataa mimi vingejaza mtumbwi. Kama ingekuwa 61 peke yake ningekuunga mkono. Lakini ilirudiwa ikawa 57, na bonge limeonekana kwa picha. Bado hatuwezi kuapa mpaka apimwe hasa.

#26 Mwana_Barani
Nawashukuru wote, nimelia nikasoma tena. Kesho nampeleka wampime hiyo lupasi antikoagulanti. Kuna ulazima wa Mombasa au hata hapa watachukua damu waitume kwa basi?

#27 FundiMaabara
Usikimbilie, kuna mambo mawili.

La kwanza, yuko kwenye heparini. Heparini yenyewe huchelewesha vipimo hivi, jibu laweza kuja chanya kwa sababu ya sindano tu. Dawa za kipimo zina kitu cha kuizima, ila kwa kiasi, na dozi ya kutibu bonge ni kubwa. Akilazimika, damu itolewe muda mfupi kabla ya sindano inayofuata, na maabara waandikiwe yuko kwenye dawa gani. Asiache sindano kwa ajili ya kipimo! Bonge la paja likipanda mapafuni hakuna kipimo cha kumrudisha. Kuna vipimo viwili visivyojali dawa kabisa: kingamwili za kadiolipini na za beta-2 glikoprotini 1. Aanze na hivyo.

La pili, basi. Kwa kadiolipini hakuna taabu kubwa. Kwa lupasi antikoagulanti, plazma izungushwe kwenye mashine mara mbili ndani ya saa chache, kisha igandishwe, ndipo isafiri. Plateleti zikibaki zikapasuka njiani, zinamwaga fosfolipidi zake, yaani umeongeza gati bila kujua. Kipimo kitakuja kizuri na ugonjwa uko pale pale. Nimeona vichupa vya Lamu vilivyovuka Mokowe asubuhi vikafika Mombasa jioni, vimechemka kama chai. Bora mtu asafiri, damu itolewe kule kule.

#28 BahariKuu
Samaki tunampa barafu, damu ya binadamu inapanda basi bila barafu. Haya.

#29 Salama_Langoni
Na mimi nilipimwa mara moja tu, zikawa juu. Yatosha?

#30 FundiMaabara
Haitoshi. Kingamwili hizi hupanda kwa muda baada ya maambukizi mbalimbali, kisha zikashuka zenyewe. Lazima zirudiwe baada ya wiki 12 au zaidi, na ziwe bado juu. Watu wengi wanabandikwa jina kwa kipimo kimoja. Mimi pia hapa natabiri tu, sijatibu mtu.

#31 KijanaMkomani
Nina jamaa alitiwa zile tembe mpya za kuzuia kuganda, kutwa mara moja, hakuna kuchomwa wala kupimwa. Mdogo wako angeomba hizo akapumzika na sindano.

#32 DawaBaridi
Hapana, tafadhali! Hili nalisema kwa nguvu kwa sababu dukani nazikabidhi kila siku. Mwaka 2018 kulitangazwa utafiti wa wagonjwa wa shida hii waliokuwa chanya vipimo vyote vitatu. Nusu walipewa rivaroksabani, nusu warfarini. Ulisimamishwa kabla ya wakati, maana wa rivaroksabani walipata viharusi na mishtuko ya moyo. Kwa hawa warfarini bado ndiyo mwenye nyumba, na kipimo chake cha kuganda, INR, kikae kati ya 2 na 3. Na INR yao ipimwe kwa damu ya mshipani, kile kimashine cha kuchoma kidole huwadanganya baadhi yao.

Ila akitaka mimba nyingine, warfarini iondoke mapema, maana humharibu mtoto, hasa wiki ya 6 hadi ya 12. Hurudishwa kwenye heparini pamoja na ile aspirini ndogo aliyokatazwa.

#33 Salama_Langoni
Mimi mimba ya nne nilipewa aspirini na sindano ya miligramu 40 kila siku mpaka wiki sita baada ya kujifungua. Yuko darasa la pili sasa, mkorofi. Mwana_Barani mwambie mdogo wako dozi yangu ndiyo hiyo.

#34 DawaBaridi
Maa shaa Allah. Lakini usimpe dozi yako bi Salama. Wewe hukuwahi kupata bonge mguuni, 40 ilikuwa ya kinga. Yeye keshapata, kwake hupigwa hesabu kwa kilo za mwili, na ni daktari wa kuipiga. Na wapo wanaopewa vyote hivyo na mimba ikatoka, tusimpe ahadi.

#35 Mtu_wa_Matondoni
Samahani narudi. Kwa hiyo mume hahitajiki kupimwa?

#36 BahariKuu
Kwa hili hahitajiki. Apimwe ukarimu.

#37 Mwana_Barani
Nimerudi baada ya wiki tatu. Tulikwenda Mombasa. Kadiolipini juu sana, beta-2 juu sana. Lupasi antikoagulanti wamekataa kuipima kwa sababu ya sindano, kama alivyosema mzee FundiMaabara. Daktari amesoma karatasi ya APTT 61 akatikisa kichwa, akasema kama ingejulikana mapema wasingempa plazma. Vipimo vinarudiwa baada ya wiki 12, mpaka hapo hajaandika jina la ugonjwa kwenye faili, ameweka alama ya kuuliza. Mguu umepungua uvimbe, jioni bado unauma.

Nilimuuliza hilo la bonge, moto au mizizi. Akacheka, akasema hata wao hukorofishana.

#38 FundiMaabara
Daktari mzuri huyo, hasa alama ya kuuliza. Ila waangalie PT pia, kipimo kingine cha kuganda, wakirudia. Wachache sana wenye shida hii hupungukiwa kigandishi kiitwacho protrombini kweli, na hao ndio huvuja damu kikweli. Yake ilikuwa ngapi?

#39 Mwana_Barani
Sekunde 13. Wameandika kawaida.

#40 FundiMaabara
Basi hiyo yatuondokea.

#41 Mwana_Barani
Mwenyewe ana swali moja tu, amekaa hapa kando yangu. Tangu ile thieta alilishwa mchicha na maini asubuhi na jioni ili damu iwe nzito. Aache?

#42 DawaBaridi
Kwenye heparini ale atakacho. Akihamia warfarini, mchicha asiuache wala asiujaze sahani, ale kiasi kile kile kila wiki, maana ukipanda na kushuka INR nayo itapanda na kushuka. Maini apunguze kwa sababu yatakuwa yamemchosha.

#43 Mwana_Barani
Anasema yamemchosha tangu siku ya pili.